Kazi ya usiku ikisimama, ombi lako halijapotea: tafadhali usilitume tena

Tangazo lilikuwa fupi: kuanzia Ijumaa hii, kazi ya usiku, ile programu inayopitisha idhini za maombi yenu, itasimama kwa usiku tatu kwa sababu ya matengenezo, na itarudi Jumatatu saa 23:30. Nikafikiri nimemaliza. Kabla ya chakula cha mchana, biro moja hapa Lubumbashi ilikuwa imeshatuma maombi yake yote mara ya pili, "ili yasipotee, papa." Hii si mara ya kwanza, wala si biro moja. Basi leo naeleza kwa urefu, halafu nitakayemkuta na nakala tatu za ombi moja nitamwonyesha ukurasa huu bila kusema neno.

Mchana mfumo unapokea maombi, mashefu wanatia sahihi zao, na kila ombi linakaa ndani ya jedwali likiwa na hali `INASUBIRI`. Saa 23:30 kazi ya usiku inaamka, inachukua yale yenye sahihi zote, inapima kila moja na bajeti ya biro husika, na likitosha inalibadilisha kuwa `IMEIDHINISHWA`. Asubuhi watu wa fedha wanalipa. Kinachosimama wikendi hii ni huyo mpimaji wa usiku peke yake. Mlango wa kupokea uko wazi, na ombi ulilotuma Ijumaa litakaa mahali pake mpaka Jumatatu usiku.

Hofu yenu ina asili, nakubali. Zamani kazi hii iliandikwa itafute maombi kwa tarehe ya siku hiyo. Usiku mmoja ukirukwa, ya siku hiyo yalibaki nyuma bila mtu kuyaangalia, maana cron, saa ya mashine inayoiamsha kazi hii, hairudi kufanya kazi iliyopitwa nayo. Inangoja saa yake ijayo, basi. Leo inatafuta kwa hali, siyo kwa tarehe:

```
-- zamani
WHERE tarehe = CURRENT_DATE
-- sasa
WHERE hali = 'INASUBIRI' ORDER BY iliyotumwa
```

Tofauti yote iko hapo. Kwa mstari wa chini, usiku tatu zikipita, usiku wa nne unakuta rundo kubwa zaidi na kulipitisha lote, la kwanza kutumwa likiwa la kwanza kupimwa.

Na hapo ndipo anayetuma tena anapojiumiza mwenyewe, jambo ambalo hakuna anayetaka kunisikiliza nikilisema. Chukua biro iliyobakiwa na dola 1,000 za mwezi. Ijumaa asubuhi wanaomba dola 600 za matairi. Mchana wanaomba 500 za vifaa vya ofisi, jioni 300 za usafiri. Wasipogusa kitu, Jumatatu usiku matairi yanapita na kubaki 400. Vifaa vya ofisi haviwezi, vinangoja. Usafiri unapita na kubaki 100. Sasa mtu aingiwe na wasiwasi Jumamosi, afute ombi la matairi na kulituma upya. Limekwenda mwisho wa mstari. Vifaa vinapita, usafiri unapita, zimebaki 200, na gari linabaki na matairi yaleyale. Asipofuta la kwanza, akaongeza tu la pili, na bajeti ikiwa pana, basi yote mawili yanapita na muuza matairi analipwa mara mbili. Kurudishiwa pesa hiyo ni safari ya miguu na maneno mengi.

Mtaniuliza kwa nini mfumo usikatae wenyewe ombi linalofanana na lingine. Nimelifikiria sana na sina jibu safi. Biro ya magari inaomba mazuti kwa muuzaji yuleyule, kiasi kilekile, bei ileile, kila wiki, na kila ombi ni la kweli. Nikiweka kizuizi kwa muuzaji na kiasi, nitawafungia hao wasio na kosa. Nikiweka kizuizi cha saa 24, anayetuma Ijumaa na kurudia Jumapili atapita hapohapo. Kwa sasa ninachoweza ni onyo la manjano kwenye skrini, na najua jinsi mnavyolifunga bila kulisoma.

Kuna nakala nyingine zinazozaliwa bila mtu kukusudia. Jumamosi usiku, baada ya kuhamisha maombi ya miaka ya nyuma kwenye jedwali la kumbukumbu, nitaendesha `VACUUM FULL` ili diski ipate nafasi. Amri hiyo inalifunga jedwali zima: hata kulisoma haiwezekani mpaka iishe. Ukibonyeza "Tuma" wakati huo, ukurasa utazunguka tu, kisha kivinjari kitachoka na kukuonyesha kosa. Wewe utasema imeshindwa, utabonyeza tena, na tena. Lakini ndani ya PostgreSQL, hifadhidata yenye hilo jedwali, kila bonyezo linaweza kuwa bado limesimama kwenye mstari likingoja jedwali lifunguliwe. Kivinjari kuondoka hakulifuti. Jedwali likifunguka, yote yanaingia kwa pamoja. Ndiyo maana naomba msitume chochote Jumamosi kati ya 22:00 na 04:00. Ukiwa umeshabonyeza, acha, lala, angalia asubuhi.

Saa hizo ni za Lubumbashi. Wenzetu wa Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja, kwao ni 21:00 hadi 03:00. Na kwa kuwa tumefika hapo: ombi mnalotuma Kinshasa saa 22:50 limekosa kazi ya usiku hata siku za kawaida, maana huku tayari ni 23:50. Si mtandao.

Sasa ya haraka. Likizo inayoanza Jumatatu, shefu wako aipitishe kabla ya Ijumaa saa 16:00, kwa mkono, na imekwisha.

Pesa ndiyo yenye mtego. Tuseme Jumamosi umeme umekatika na grupu haina mazuti, zinahitajika dola 300. Ombi liko ndani ya mfumo tangu Ijumaa. Bosi anatia sahihi kwenye boni ya karatasi, mama wa kese anatoa pesa, grupu inawaka, kila mtu anafurahi. Ombi lenyewe bado linasema `INASUBIRI`. Jumatatu usiku kazi inalikuta, inaliidhinisha kwa haki kabisa, na Jumanne dola 300 nyingine zinatoka. Dawa ni ndogo: mwenye haki ya kuidhinisha afungue ombi hilohilo, abonyeze "Idhinisha kwa mkono", na namba ya ombi iandikwe juu ya boni. Kazi ya usiku haigusi ombi lisilo `INASUBIRI`. Mama wa kese, boni isiyo na namba irudishe, hata kama imeletwa na bosi mwenyewe. Mwambie ni mimi nimesema. Na kama ombi halijawahi kuingia kwenye mfumo, liingizwe kwanza, ndipo liidhinishwe.

Jumatatu mchana msinipigie simu kuuliza kwa nini hakuna kilichopita. Sitaiendesha kazi mchana, kwa sababu watu wanabadilisha bajeti saa hizo, na sitaki ipime namba inayosogea. Kama kupitisha rundo la siku tatu kwa mpigo mmoja ni busara kuliko kuligawa, sina hakika hata mimi. Kuligawa kungechelewesha wa mwisho hadi Alhamisi, nikaona hilo ni baya zaidi.

Jumanne asubuhi fungua orodha yako. Ombi likiwa bado `INASUBIRI`, soma safu ya `sababu` iliyo kando yake. Ikisema sahihi inakosekana, mtafute shefu. Ikisema bajeti haitoshi, nenda kwa mwenye bajeti. Safu ikiwa tupu, hapo ndipo mje kwangu.