Ofa ya kumi kwa moja: mzigo ulienda wapi?

Juni ya mwaka mmoja, nikisimamia mauzo ya sabuni ya unga hapa Dodoma, tuliwapa wauzaji wa jumla wa Majengo na Sabasaba ofa: nunua katoni 10, chukua moja bure. Kwa wiki nne gari lilishindwa kumaliza oda. Tulipongezana. Julai simu zikaacha kuita, na ndipo nilipokaa chini na kalamu. Hesabu nitakazotoa nimezilainisha kidogo ili zifuatike.

Dhana: "Kumi kwa moja ni punguzo la asilimia kumi tu."

Anayenunua analipia katoni 10 na kuondoka na 11, kwa hiyo kwake punguzo ni kama asilimia 9. Kwa anayetoa, hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu bonasi hailipwi kutoka kwenye bei, inalipwa kutoka kwenye faida. Katoni yetu tuliiuza 24,000. Mpaka ifike mlangoni kwa muuza jumla, ilikuwa imetugharimu 19,200, pamoja na nauli na upakiaji. Faida ilikuwa 4,800.

Kila katoni 10 tulizouza ziliondoka na moja ya bure iliyotugharimu 19,200. Igawe kwa 10: kila katoni iliyolipiwa inabeba mzigo wa 1,920. Faida inashuka kutoka 4,800 hadi 2,880. Asilimia 40 ya faida imekwenda. Ili kubaki pale pale tulipokuwa, bila kuongeza hata shilingi, ilibidi mauzo ya kulipiwa yapande kwa theluthi mbili. Kwa kawaida wiki nne zingetoa katoni 1,600. Chini ya ofa tulihitaji karibu 2,670. Sababu ni kwamba bonasi haichagui: hata yule ambaye angenunua katoni zake 40 bila ofa yoyote, naye alichukua nne za bure.

Dhana: "Mzigo ukishatoka stoo yetu, umeuzwa."

Hapa ndipo tulipoumia. Katika zile wiki nne tuliuza katoni 2,800, yaani 1,200 zaidi ya kawaida, na tukatoa 280 za bure. Ripoti ya mwezi ilisomeka vizuri: katoni 1,200 mara 4,800 ni 5,760,000, toa gharama ya bonasi, 5,376,000, inabaki faida ndogo ya 384,000.

Wiki sita zilizofuata zilipaswa kutoa katoni 2,400. Zilitoa 1,500. Nilipozunguka kwa wateja niliziona zile 900 zilizokosekana: zilikuwa zimepangwa hadi darini kwenye stoo zao, zikisubiri. Mzee mmoja wa Majengo aliniambia bila kuficha, "Kijana wangu, umeniuzia ya Julai kwa bei ya Juni. Sasa nitanunua nini?" Hakuwa amekosea chochote. Bidhaa isiyoharibika haraka, ukiishusha bei kwa muda, mwenye mtaji ataiweka.

Ukihesabu wiki zote kumi, nyongeza ya katoni zilizolipiwa ni 300 tu. Mara 4,800, ni 1,440,000. Toa 5,376,000 ya bonasi, na ofa iliyopongezwa inakuwa imekula 3,936,000.

Kwa hiyo ofa haihukumiwi siku inapofungwa. Subiri hadi manunuzi ya wateja yarudi kwenye mwendo wao wa kawaida, ndipo uhesabu. Na kama huwezi kusubiri, hesabu mzigo kwao: uliokuwepo mwanzo, jumlisha ulioingia pamoja na wa bure, toa uliobaki. Hicho ndicho kilichotoka kwenda madukani. Wateja wanane wakubwa wanatosha kukuonyesha picha, na kazi hiyo inamalizika kwa siku mbili. Mkae mezani pamoja na mwenye stoo, maana ukimuuliza kwa simu atakwambia mzigo umeisha, hasa akisikia ofa nyingine inakuja.

Dhana: "Linganisha na mwezi uliopita, utaona ofa imefanya nini."

Kwa Dodoma mwezi uliopita ni kipimo kibovu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo fedha ya mahindi, alizeti na karanga inaingia mikononi mwa watu kwa pamoja baada ya mavuno, na magari ya nafaka yanajaa Kibaigwa. Juu ya hapo kuna Bunge la bajeti, linaloanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni. Nyumba za wageni zinajaa, mama lishe wanaongeza sufuria, sabuni inatoka. Ofa ya Juni itapewa sifa ya mavuno na Bunge.

Ile 1,600 yetu niliipata kwa kuchukua wiki zile zile za mwaka uliotangulia, nikaongeza kiasi ambacho mauzo yalikuwa yamekua Machi hadi Mei. Na kwa bahati hatukuwa tumepeleka ofa Mpwapwa. Mtu akisema Julai ilishuka kwa sababu wabunge wameondoka, namwonyesha kwamba mwaka uliotangulia nao waliondoka na hatukuanguka vile, na kwamba Mpwapwa Julai ile ilienda kama kawaida. Tangu hapo kila ofa naacha eneo moja nje makusudi.

Dhana: "Bonasi itamfikia mwenye duka."

Mara chache. Katoni 11 kwa 240,000 ni kama 21,800 kila moja. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kuziuza 22,500, chini ya bei yetu wenyewe, na bado akapata. Nyingine zilipakiwa kwenye fuso kuelekea Manyoni, tukasikia malalamiko kutoka kwa msambazaji wa Singida kabla hatujajua zimeondoka. Mama mwenye duka Nkuhungu, anayechukua katoni moja moja, hakuiona ofa kabisa. Kibaya zaidi, bei ya chini ikishazoeleka sokoni, kuirudisha ni vita.

Dhana: "Hela ya kupanga bidhaa mbele haipotei, angalau tunaonekana."

Hii ni rahisi kupima. Ukimlipa mwenye duka 20,000 kwa mwezi akupe rafu ya usawa wa macho, kwa faida ya 4,800 unahitaji katoni 5 za nyongeza kila mwezi. Duka linalouza katoni 3 lingepaswa kufika 8. Haliwezi, hata rafu nzima ikiwa yako. Duka la 15 kufika 20 linawezekana. Mlipe mwisho wa mwezi, baada ya kupita mara mbili bila taarifa na kukuta bidhaa iko pale, kwa sababu ukilipa mbele, wiki ya pili utakuta biskuti.

Ofa yetu iliyofuata ilikuwa na kikomo: bonasi ilianza pale mteja alipovuka wastani wake wa miezi mitatu, na ilihesabiwa kwa katoni zilizopelekwa madukani kwa daftari lililosainiwa na mwenye duka. Wateja wakubwa wawili walinuna na kugoma mwanzoni. Wiki nne za kwanza tuliuza katoni 1,950, na kwenye kikao nikaulizwa kwa nini safari hii tumelegea. Niliomba wiki sita. Zilitoa 2,380.