Kutoka fremu 25 hadi 60: kile kivuli kinatoka wapi?

Dhana: Ukiongeza fremu, unarudisha mwendo uliokosekana.

Kamera iliyorekodi fremu 25 kwa sekunde haikushika kilichotokea kati ya fremu moja na nyingine. Programu ya kulainisha video hutunga fremu za katikati kwa kukisia, na kivuli, yaani ile taswira hafifu ya ziada ya kitu kinachosogea, huzaliwa pale makisio yanaposhindwa.

Chukua mpira uliopigwa golini, unaosogea pikseli 60 kila fremu. Njia nyepesi ni kuchanganya fremu mbili nusu kwa nusu. Hapo mpira haukai katikati: unaonekana mara mbili, hafifu kote kuwili, na kati yake pikseli 60. Njia nzito zaidi huigawa picha vipande vidogo, ikatafuta kila kipande kimehamia wapi, kisha ikakisogeza nusu ya safari, pikseli 30. Ikipatia, mpira unatoka mmoja. Lakini mpira mdogo wenye kasi, unaopita juu ya mistari myeupe ya uwanja, ni rahisi kuupoteza.

Hata ukiupata, tazama miguu ya mchezaji anayekimbia. Nyasi zilizofichwa na mguu kwenye fremu ya kwanza zinafunuliwa kwenye ya pili, kwa hiyo hazina mwenzake wa kulinganishwa naye. Programu inabandika chochote kilicho karibu, na pembeni mwa mguu panacheza kama maji. Hili halina tiba kamili.

Dhana: 60 ni bora kuliko 50.

Si kwa video ya 25, ambayo kwetu ni ya kawaida tangu enzi za runinga za mfumo wa PAL. Ukienda 50, fremu 25 kati ya hizo ni za asili. Ukienda 60, nyakati zinakutana mara 5 tu kwa sekunde. Fremu 55 ni za kutungwa. Ningechagua 50 bila kusita:

```
ffmpeg -i mechi.mp4 -vf "minterpolate=fps=50:mi_mode=mci" mechi50.mp4
```

`mci` ndiyo ile njia nzito ya vipande. Ukiweka `blend` badala yake, unapata ule mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Inamalizika haraka, ila vivuli ni vingi.

Dhana: Kivuli ni dalili ya faili lililobanwa mno.

Kubana kupita kiasi huleta miraba na ukungu, si mpira wa pili. Fungua video kwenye kichezeshi cha mpv, isimamishe, kisha bonyeza kitufe cha nukta kusogea fremu moja moja. Fremu safi na yenye kivuli zikipokezana, ulainishaji ndio chanzo. Fungua na faili la asili pia: kivuli kikiwamo humo, kuna mtu aliyebadilisha idadi ya fremu kabla yako kwa kuzichanganya, na kulainisha tena kutakizidisha.

Kipande ambacho `mci` imekishindwa, kwa mfano marudio ya bao, kikate ukiweke kama kilivyorekodiwa: ndani ya video ya 50, kila fremu yake ijirudie mara mbili.