Je, nitajuaje kama mkopo wa nyumba utanishinda riba ikipanda na mapato yakishuka?

“Benki imenikubalia mkopo wa nyumba, na marejesho ya sasa nayamudu. Nitajuaje kama utanishinda siku riba ikipanda na kipato kikashuka?”

Toa jedwali la marejesho ulilopewa na benki, uliweke kando ya taarifa zako za benki na M-Pesa za miezi 12, kisha uuharibu mwaka wako kwenye karatasi kabla haujaharibika wenyewe.

Chukua mke na mume wa Mombasa, mfano wa kubuni. Walikopa shilingi 4,000,000 kwa miaka 20, riba asilimia 13, inayoweza kubadilika. Kila mwezi wanalipa 46,863. Katika malipo ya kwanza, 43,333 zilikwenda kwenye riba, na 3,530 tu ndizo zilizopunguza deni. Miaka mitatu baadaye wameshatoa karibu 1,687,000, lakini safu ya salio inasoma 3,845,600. Kipimo kinaanzia kwenye salio hili na miezi 204 iliyobaki. Wengi hupima kwa kiasi walichokopa mwanzoni, na hapo hesabu inapinda.

Sasa pandisha riba hadi asilimia 17. Nimezidisha? Riba elekezi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa Mei 2022, na Februari 2024 ikafika 13. Pointi nne si za kutishia watoto. Kwenye lahajedwali ya kompyuta andika hivi:

```
=PMT(0.17/12,204,-3845600)
```

Jibu ni takriban 57,755. Rejesho limeongezeka kwa karibu 10,900 kwa mwezi.

Upande wa mapato ndiko watu wanakojidanganya. Mke ni muuguzi, na mshahara unaoingia benki ni 72,000. Hiyo ndiyo namba ya kutumia, kwa sababu mshahara wa kwenye barua ya ajira haulipi deni. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 iliyoanza 2023 na mchango wa afya wa asilimia 2.75 ulioanza Oktoba 2024 vilipunguza fedha za mkononi bila kugusa mshahara ghafi. Mume huendesha gari la watalii. Kwa mwaka amepata 540,000, yaani wastani wa 45,000 kwa mwezi, ila miezi ya masika, watalii wakipungua, hupata kama 22,000. Chakula, karo, nauli, umeme na kile kinachotumwa kwa wazazi ni 52,000. Wazazi usiwasahau, hata mambo yakiwa magumu, hutaacha kuwatumia.

Miezi ya wastani wanabakiwa na 65,000 za kulipia nyumba. Riba ikipanda peke yake, wanalipa 57,755 na kubaki na 7,245. Kwa kubana, wanapita. Kipato cha mume kikishuka peke yake, zinabaki 42,000, na hata rejesho la leo linawapungukia 4,863. Kumbe kwa familia hii kinachouma kwanza ni masika, wala si benki. Vyote viwili vikija pamoja, pengo ni 15,755 kwa mwezi. Likidumu miezi sita ni 94,530, na hicho ndicho kiasi cha akiba wanachopaswa kuwa nacho pembeni, mbali na ya ugonjwa.

Kuna mtego mmoja ambao jedwali la zamani haliuonyeshi. Riba ikipanda, baadhi ya benki huacha rejesho palepale na kuongeza muda wa mkopo. Mteja hufurahi kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini asilimia 17 ya 3,845,600, ukigawa kwa miezi 12, ni 54,479, na wao wanalipa 46,863. Hata riba ya mwezi haijatimia, seuze deni lenyewe. Hapo hakuna muda wa kuongeza utakaotosha, maana kama benki inajumlisha pengo hilo kwenye deni, salio linakua kwa 7,616 mwezi wa kwanza tu, na zaidi mwezi unaofuata.

Mpaka wa hatari unaupata kwa hesabu ndogo: rejesho la mwezi mara 12, gawanya kwa salio. Kwa hawa ni asilimia 14.6. Riba ikivuka hapo, kubaki na rejesho lilelile ni kukopa upya kimyakimya. Kwa hiyo barua ya benki ya kupandisha riba ikifika, omba jedwali jipya siku hiyohiyo na utazame safu ya salio: kama mwezi wa pili ni mkubwa kuliko wa kwanza, rudi kwa afisa wa mikopo mkubaliane rejesho jipya kabla ya malipo yanayofuata.