Mvuke, si baridi, ndio unaolegeza chipsi za kubeba

“Nafungasha chipsi na kuku vikiwa vimetoka tu kwenye mafuta, boksi nalifunga vizuri kabisa, lakini wateja wa mbali wanalalamika vimelegea. Nitumie kifungashio gani vifike vikavu na bado vya moto?”

Tumia boksi la karatasi ngumu lenye matundu karibu na kifuniko, au mfuko wa kaki usiobanwa mdomo. Kabla ya kufungasha, acha mvuke mkali utoke kwa dakika moja au mbili. Joto lilindwe kwa nje, ndani ya begi la boda, si kwa kuziba boksi lenyewe.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu inapingana na jambo linaloonekana wazi: chipsi za moto ni kavu, chipsi zilizopoa zimelegea, basi kosa ni la baridi. Ndiyo maana chipsi zinavingirishwa foili, zinatiwa kwenye boksi, boksi linatiwa kwenye mfuko na mfuko unapigwa fundo. Lakini tazama krispi za pakiti. Zimekaa dukani wiki kadhaa, hazina joto lolote, na bado zinalia mdomoni. Kama baridi ndiyo ingekuwa inalegeza kiazi, krispi zisingeuzika. Tofauti yao na chipsi ni maji: krispi zimekaangwa mpaka karibu maji yote yakaisha, ilhali chipsi zina tumbo laini lenye unyevu mwingi. Kupoa na kulegea hutokea kwa wakati mmoja, lakini kimoja hakikuzaa kingine.

Kiazi kibichi ni maji kwa takriban asilimia 80. Kikizama kwenye mafuta ya nyuzi joto 175 hadi 180, maji ya juujuu huchemka na kutoka kwa fujo, ndiyo yale mapovu tunayoyaona. Nyuma yake hubaki ganda jembamba la wanga mkavu na mafuta. Wanga huo mkavu ni mgumu na huvunjika kwa mlio. Ukipata maji kidogo tu, unakuwa laini na kupindika. Ni kama biskuti iliyoachwa wazi siku ya mvua: hakuna aliyeimwagia maji, imenywa unyevu wa hewani polepole, na kufikia jioni inapinda badala ya kukatika. Ganda la chipsi hufanya hivyohivyo, ila kwa kasi kubwa, kwa kuwa hewa iliyolizunguka ndani ya boksi ni ya moto na imejaa mvuke.

Maji hulifikia ganda kutoka pande mbili. Yale ya tumboni mwa kiazi hujongea nje yenyewe, na kifungashio hakiwezi kuyazuia; ndiyo maana hata chipsi za sahani ya wazi hulegea zikikaa sana. Upande wa pili ni mvuke uliokwisha kutoka ukakosa pa kwenda. Huo tunaumudu.

Chukua sahani moja ya gramu 300, imetiwa kwenye boksi la lita moja ikiwa na nyuzi 90 hivi. Tuseme njiani inatoa mvuke wa gramu 5, yaani maji ya kijiko kimoja cha chai. Si mengi. Ila lita moja ya hewa yenye nyuzi 60 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 0.13 za mvuke. Hewa ya boksi inashiba mara moja, na karibu kijiko chote kinageuka matone kwenye kifuniko, kinadondokea chipsi za juu, kisha kinatuama chini na kulowesha za chini. Mteja akifungua boksi na kukuta kifuniko kinatiririka, hana haja ya kuonja.

Je, mvuke huo ukiachwa utoke, joto halitakwisha? Linapungua, na kiasi chake kinakadirika. Gramu 5 za maji zikiwa mvuke huondoka na joto la kutosha kushusha sahani hiyo kwa nyuzi kama 12. Kutoka 90 tunabaki na 78, ambayo bado inaunguza ulimi, na iko mbali na nyuzi 60 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kisishuke chini yake kabla ya kuliwa. Baada ya hapo joto hupotea zaidi kwa upepo wa barabarani, na upepo huzuiwa na begi nene la dereva.

Jikoni, kazi huanza kwenye chujio. Chipsi zikitoka zichujwe zikiwa zimetandazwa juu ya wavu, zisirundikwe kwenye beseni, kwa sababu rundo nalo hufungia mvuke katikati. Tandika karatasi ya kunyonya chini ya boksi na usijaze hadi juu, ili hewa ipite. Vipande vya kuku vikae safu moja, ngozi ikitazama juu. Matundu yawe juu, kwa kuwa mvuke hupanda. Idadi yake haina kanuni: sahani kubwa huhitaji mengi kuliko ndogo. Boksi jeupe la povu hutunza joto vizuri, lakini bila matundu linapika chipsi upya kwa mvuke. Foili ni mbaya zaidi kwa vyakula vya kukaanga, maana haipitishi wala kunyonya chochote.

Kachumbari ina kosa lake la pekee. Nyanya na kitunguu vikishatiwa chumvi hutoa maji, na ni baridi. Ukiviweka juu ya chipsi umelowesha na kupoza kwa mkono mmoja. Vipewe kikopo chao, na tomato sosi vilevile. Supu na mchuzi ndivyo vinavyotaka kuzibwa kabisa. Wali pia haudhuriki na mvuke wake, lakini usisafirishwe wazi ndani ya begi moja na chipsi. Chipsi mayai hazina ganda la kuokoa, yai lenyewe ni laini, hivyo foili inazifaa.

Jaribu kifungashio kabla ya kununua cha jumla. Fungasha sahani tatu kama za mteja, ziweke ndani ya begi la boda, ufungue moja baada ya dakika 10, nyingine 20, ya mwisho 30. Angalia kifuniko kama kina matone, kisha shika chipsi moja ncha moja uiinue: ikisimama bado ni nzuri, ikiinama imekwisha. Ikiwa ya dakika 20 inasimama na ya 30 inainama, hapo umepata mpaka wa eneo lako la kupeleka, na mpaka huo ni wa dakika, si wa kilomita. Kutoka Sinza hadi Mwenge saa nne asubuhi si sawa na safari hiyohiyo saa kumi na mbili jioni, foleni ikiwa imeshika.

Dakika hizo huanza kuhesabika chipsi zinapotoka kwenye mafuta, si dereva anapowasha pikipiki. Kwa hiyo kaanga mara mbili: mara ya kwanza kwa nyuzi kama 140 hadi kiazi kiive bila kubadilika rangi, kisha ziweke kando. Dereva akifika mlangoni, zirudishe kwenye mafuta ya 180 kwa dakika mbili au tatu. Zikae juu ya wavu wakati unafungasha kachumbari yake, ndipo uzitie kwenye boksi na kumkabidhi.