Jamaa anayekuahidi kukufutia CRB kwa 1,500: kwa nini hawezi, na nani anaweza

Kila wiki kwenye dawati letu la malalamiko ya mikopo hapa Kenya anaingia mtu ameshika simu, anafungua wasap ananionyesha, "huyu aliniambia atanitoa CRB ndani ya masaa 24." CRB ni biuro zinazoweka rekodi za jinsi watu wanavyolipa mikopo. Inaniuma sana, kwa sababu wengi wao pesa waliyompa huyo jamaa ingepunguza deni lenyewe.

Mmoja alikuwa kijana wa boda. Alikopa 3,000 kwa apu ya mkopo, biashara ikawa mbaya akaacha kulipa, deni likafika 4,100. Sasa anataka mkopo wa pikipiki yake mwenyewe kwa sako, akaambiwa jina lako liko CRB. Akapata tangazo Fesibuku, akatuma 1,500 "ya fomu", kesho yake akaombwa 800 "ya kufungua sistimu", na picha ya kitambulisho mbele na nyuma. Jioni akatumiwa PDF nzuri kabisa, ina nembo, ina muhuri, imeandikwa cheti cha kliarensi na jina lake. Akaiprinti akakimbia nayo sako.

Afisa wa mikopo hata hakuiangalia sana. Aliingiza namba ya kitambulisho kwa kompyuta yake akavuta ripoti moja kwa moja kutoka kwa biuro, na ile 4,100 ilikuwa palepale. Hapo ndipo watu wengi hawaelewi: anayekukopesha hategemei karatasi uliyobeba, anavuta mwenyewe.

Nikuelezee inavyofanya kazi. Biuro zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya ni tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na hizo hazikuandiki kwa kupenda kwao, zinapokea taarifa kutoka kwa benki, sako au kampuni ya mkopo. Kwa hiyo anayeweza kubadilisha rekodi yako ni yule aliyeipeleka, yaani anayekudai. Ukilipa, yeye anatuma taarifa mpya na akaunti inasomeka imelipwa. Lakini hata hapo historia ya kwamba ulichelewa haipotei siku hiyo, inakaa miaka 5, na hakuna mtu nje anayeweza kuingia huko akaifuta, hata umpe ngapi.

Sasa utaniuliza, mbona kuna watu wanaapa walisaidiwa? Wengine wanasema kweli. Angalia swali la kwanza analouliza huyo jamaa: "deni umeshalipa?" Ukisema ndiyo, anajua mkopeshaji atatuma taarifa hata asipofanya chochote, anachukua pesa yako anangoja, rekodi ikibadilika anakutumia skrinishoti kama kazi yake. Ukisema hapana, anakutengenezea PDF halafu anakubloku.

Kama umelipa na bado ripoti inaonyesha unadaiwa, au kuna mkopo ambao hukuchukua kabisa, hiyo ni haki yako na hailipiwi. Kila mwaka una ripoti moja ya bure kutoka kwa biuro, na cheti cha kliarensi cha mara ya kwanza pia ni bure tangu kanuni za 2020. Chukua ripoti, tafuta mstari wenye makosa, andika malalamiko kwa biuro na kwa mkopeshaji, weka ile meseji ya M-Pesa yenye tarehe na namba ya muamala. Biuro inatakiwa iweke alama kwamba taarifa hiyo inabishaniwa na imuulize mkopeshaji. Usifute meseji za malipo ya mkopo jamani, nimeona mtu amelipa kweli lakini hana cha kuonyesha ikabidi aanze kuomba steitimenti ya mwaka mzima.

Kwa yule kijana kitu kilichonitia wasiwasi zaidi haikuwa hata ile 2,300, ilikuwa kitambulisho. Nikamuuliza aliombwa namba yoyote ya siri iliyoingia kwa meseji? Akasema ndiyo, mara mbili, aliambiwa ni ya kufungua faili. Tukachukua ripoti za biuro zote tatu siku hiyohiyo, kwa sababu mkopeshaji mmoja anaweza kuonekana kwa moja na asionekane kwa nyingine, na kwenye moja tukakuta mkopo mpya wa 2,500 wa wiki hiyo ambao yeye hajui. Akabadilisha pini ya M-Pesa hapohapo, akaripoti polisi akapata namba ya OB, na huo mkopo tukaandika malalamiko kwamba si wake.

Ile 4,100 akaipigia simu kampuni yenyewe, akalipa mara tatu kwa namba yao rasmi ya kwenye apu. Akaunti sasa inasomeka imelipwa. Sako wamemwambia arudi na mdhamini mmoja, na ule mkopo wa 2,500 bado tunausubiria jibu.