Asilimia 30 ya nini? Nyongeza juu ya gharama na faida ndani ya bei

Kauli ya kwamba mfanyabiashara "anaweka faida ya asilimia 30" husemwa kila siku, na mara nyingi msemaji na msikilizaji huondoka kila mmoja akiwa na hesabu yake kichwani. Mmoja anapima faida kwa gharama ya kununua, mwingine anaipima kwa bei ya kuuza, na hakuna anayegundua tofauti hiyo mpaka fedha zipungue mwisho wa mwezi. Vipimo vyote viwili ni sahihi. Kosa linaloudhi ni kuchukua asilimia ya kipimo kimoja na kuitumia katika hesabu ya kipimo kingine.

Maana zenyewe ni fupi. Bidhaa iliyonunuliwa kwa 600 ikauzwa kwa 800 imeleta faida ghafi ya 200. Ukiigawanya 200 hiyo kwa 600 unapata asilimia 33.3, nayo ndiyo nyongeza juu ya gharama. Ukiigawanya kwa 800 unapata asilimia 25, nayo ndiyo faida ndani ya bei. Faida ni ileile; kilichobadilika ni kile tunachoigawia. Kwa kuwa bei ya anayeuza kwa faida daima ni kubwa kuliko gharama, faida ndani ya bei daima itakuwa asilimia ndogo kuliko nyongeza.

Sasa tuchukue muuzaji anayenunua bidhaa kwa 4,200 kila moja, gharama ya usafiri ikiwa imo, naye anataka kubaki na asilimia 30 ya kila anachouza. Wengi hapa huzidisha 4,200 kwa 1.3, wakapata 5,460, wakaiandika kwenye kibandiko cha bei na kuamini kwamba lengo limetimia. Faida ghafi ya bei hiyo ni 1,260, na 1,260 ukiigawanya kwa 5,460 unapata asilimia 23 na chembe. Muuzaji huyu ameongeza asilimia 30 juu ya gharama, ilhali alichokitaka ni asilimia 30 ya mauzo, na zile pointi karibu saba zilizopotea hazionekani popote katika hesabu yake.

Njia sahihi huanza na bei yenyewe, hata kama bado haijulikani. Ikiwa asilimia 30 ya bei ni faida, basi asilimia 70 iliyobaki ndiyo gharama, na gharama tunaijua: ni 4,200. Kwa hiyo bei ni 4,200 kugawanya kwa 0.7, yaani 6,000. Faida ni 1,800, na 1,800 ni asilimia 30 kamili ya 6,000. Hatua hii ya kugawanya ndiyo inayowatatiza watu, kwa sababu mazoea yanawaambia kwamba kupandisha bei ni kuzidisha.

Tofauti ya 540 kwa kila kipande yaweza kuonekana ndogo, hivyo tuifuate hadi mwisho wa mwezi. Tuseme vinauzwa vipande 100, na kodi, mishahara na umeme hufika 150,000. Kwa bei ya 6,000, faida ghafi ni 180,000 na baada ya kulipa matumizi hubaki 30,000. Kwa bei ya 5,460, faida ghafi ni 126,000, na baada ya matumizi yaleyale muuzaji ana hasara ya 24,000. Bila shaka huenda bei ya chini ikavuta wateja zaidi, lakini ili kulipa matumizi tu angehitaji kuuza vipande 120 badala ya 100, na hilo ni jambo la kuamuliwa kwa makusudi.

Kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine ni rahisi zaidi ukiacha asilimia kidogo na kutumia sehemu. Ikiwa nyongeza ni robo ya gharama, faida ni moja ya tano ya bei. Ikiwa nyongeza ni theluthi, faida ndani ya bei ni robo. Ikiwa ni nusu, faida ni theluthi. Namba ya juu hubaki ilivyo, na ya chini huongezwa ile ya juu, kwa sababu bei ni gharama pamoja na faida. Nyongeza ya mbili ya tano huwa faida ya mbili ya saba kwa kanuni hiyohiyo. Kwa desimali, faida ndani ya bei hupatikana kwa kugawanya nyongeza kwa jumla ya 1 na nyongeza, na nyongeza hupatikana kwa kugawanya faida kwa kile kinachobaki ukitoa faida kwenye 1. Hivyo 0.30 kugawanya kwa 0.70 ni karibu 0.4286: anayetaka asilimia 30 ya mauzo lazima aongeze karibu asilimia 43 juu ya gharama.

Pengo kati ya vipimo hivi halifanani kila mahali. Faida ya asilimia 10 ya bei hudai nyongeza ya asilimia 11.1, na anayekosea hapo hupoteza kidogo. Faida ya asilimia 50 hudai nyongeza ya asilimia 100, na ya asilimia 60 hudai nyongeza ya 150. Hapo pia pana dalili ya kutambua ni kipimo gani kinazungumzwa: nyongeza inaweza kuvuka 100, lakini faida ndani ya bei haifiki 100 maadamu bidhaa ina gharama yoyote. Anayesema amepata faida ya asilimia 120 anazungumzia gharama, apende asipende.

Punguzo la bei nalo huhesabiwa kutoka kwenye bei ya kuuza, kwa hiyo liko upande wa faida ndani ya bei. Muuzaji aliyeongeza asilimia 30 juu ya gharama, kisha akatoa punguzo la asilimia 30 akidhani amerudi pale alipoanzia, atauza ile bidhaa ya 5,460 kwa 3,822, yaani 378 chini ya gharama. Aliyeuza kwa 6,000 akitoa punguzo hilohilo atapokea 4,200, gharama yake kamili.

Anayetumia jedwali la kompyuta, gharama ikiwa kwenye B2 na faida anayoilenga kwenye C2 kwa desimali, kama 0.30, aandike bei kwenye D2 na uhakiki kwenye E2:

```
D2: =B2/(1-C2)
E2: =(D2-B2)/D2
```

E2 isipolingana na C2, kwenye D2 huenda bado ipo ile fomula ya kuzidisha, `=B2*(1+C2)`. Ikiwa bei inayolipwa na mteja ina kodi ya mauzo ndani yake, itolewe kwanza, kwa kuwa fedha hiyo si ya muuzaji.

Aliyezoea kuzidisha hana haja ya kuacha mazoea yake. Kwa lengo la asilimia 30 ya mauzo na azidishe gharama kwa 1.43 mahali pa 1.3, bidhaa yetu itafika 6,006. Na anaposema "asilimia 30", aongeze neno moja tu, "ya gharama" au "ya mauzo", ili anayemsikiliza afanye hesabu ileile.