Sikio la mtoto linatoa usaha: kabla ya tone lolote, ngoma ni nzima?

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka 9 kwenye kliniki yetu ya masikio, pua na koo, likizo ilipokuwa ukingoni. Mtoto alikuwa ameshinda baharini siku nzima, na siku tatu baadaye sikio la kulia likaanza kutoa uchafu. "Ni maji ya bahari tu, daktari," bibi akasema. Nyumbani walikuwa wamemmiminia mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu, kisha jirani akawapa kichupa cha matone kilichobaki kwa mwanawe. Kilikuwa cha jentamisini.

Bibi hakukosa kuwaza hivyo. Ugonjwa wa waogeleaji upo, na huku pwani tunauona kila msimu wa joto. Maji yanayobaki ndani hulainisha ngozi ya njia ya sikio, mtu anachokonoa kwa kijiti cha pamba au njiti ya kiberiti, ngozi inachunika, na bakteria wanapata pa kuingilia. Dalili yake kubwa ni maumivu. Ukibonyeza ile gegedu ndogo iliyo mbele ya tundu, au ukivuta sikio juu kidogo, mgonjwa anaruka. Usaha wenyewe huwa haba.

Nilimvuta sikio yule mtoto. Akanitazama tu, wala hakukunja uso. Uchafu uliokuwa ukitoka ulikuwa mwingi na unavutika kama kamasi, na hapo ndipo nilipopata mashaka, kwa sababu ngozi ya njia ya sikio haitengenezi kamasi. Kamasi hutoka sikio la kati, nyuma ya ngoma, na haliwezi kufika nje ila ngoma iwe imetoboka. Nikamuuliza kama dawa ya jirani aliisikia popote. "Chungu kooni," akajibu. Matone yalikuwa yamepita kwenye tundu la ngoma yakashuka kwa mrija unaounganisha sikio na nyuma ya pua. Hapo bibi akakumbuka kwamba sikio hilo limekuwa likitoa usaha na kunyamaza tangu mtoto ana miaka 3. Usaha ukitoka kwa siku 14 au zaidi, tunauita ugonjwa sugu. Bahari ililichokoza tu.

Kwa nini nasisitiza ngoma? Jentamisini, na nduguye neomaisini, zinaweza kupita kwenye tundu hilo hadi sikio la ndani na kuua chembe za kusikia na za mizani ya mwili. Chembe hizo hazioti tena. Ngoma ikiwa nzima dawa hizo hazina hatari hiyo, lakini huwezi kuiona ngoma kwa tochi ya simu. Ndiyo maana, pasipo uhakika, tunachagua matone ya siprofloksasini, ambayo hayana madhara hayo na huwaua bakteria wanaopenda maji wanaosababisha magonjwa yote mawili. Vidonge vya kumeza kwa usaha sugu mara nyingi havifui dafu, kwa kuwa dawa inayofika sikioni kwa njia ya damu ni kidogo mno kuliko tone.

Lakini hata tone sahihi likidondokea kwenye dimbwi la usaha linaelea juu yake. Nilimwonyesha bibi namna ya kukausha kwanza: sokota kitambaa safi cha pamba kiwe utambi, kiingize polepole, kiache kilowe, kitoe, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Shika kichupa kiganjani dakika chache kipate joto, maana dawa ya baridi inaleta kizunguzungu. Mtoto alale ubavu, umdondoshee kwa idadi iliyoandikwa, halafu bonyeza ile gegedu ya mbele mara kadhaa ili dawa isukumwe ndani, na abaki hivyo dakika 5. Mara 3 kwa siku, wiki 2, hata usaha ukikauka mapema.

Na yale mafuta? Nilitoa vipande vya kitunguu saumu vilivyokuwa vimeganda ukutani, na ngozi chini yake imeungua. Mafuta hubakiza unyevu. Maziwa ya mama ni chakula cha bakteria, mkojo hauna dawa yoyote, na mafuta ya taa au maji ya betri yanaunguza mpaka ndani kabisa.

Kuna hali zisizongoja wiki 2: uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, mdomo kwenda upande, kichwa kuuma sana pamoja na homa, au kizunguzungu kikali. Mwenye kisukari mwenye maumivu ya sikio yanayomnyima usingizi naye aje siku hiyohiyo.

Mtoto alirudi baada ya wiki 2 sikio likiwa kavu. Tundu bado lipo, na kusikia kumepungua kidogo upande huo. Tumempangia kipimo cha usikivu, kisha tutazungumza juu ya kuziba ngoma kwa upasuaji. Kuoga anaoga, na pamba iliyopakwa vaselini mlangoni mwa sikio. Baharini hajaruhusiwa, na hilo ndilo lililomliza.